Mlinganyo wa sehemu wenye parameta unaokosa jawabu kwa thamani moja tu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu maswali yote yaliyo hapa chini yanahusu mlinganyo mmoja:

x/(x − 3) = 2 + m/(x − 3)

Ukiweka namba yoyote mahali pa m, mlinganyo huu utakuwa na jawabu moja, wala halizidi hilo. Namba pekee inayouvunja utaratibu huo ni m = 3, kwa kuwa hapo mlinganyo haumkubali x yeyote. Wanafunzi wengi huifikia namba hiyo kwa kufuata hatua walizofundishwa, lakini wakiulizwa kwa nini jawabu limetoweka, hujibu tu kwamba hairuhusiwi kugawanya kwa sifuri. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu ya maelezo, na nusu iliyobaki ndiyo yenye manufaa zaidi.

Katika mlinganyo huu, x na m zinatofautianaje?

Herufi x ndiyo isiyojulikana, yaani ndiyo tunayoitafuta. Herufi m ni parameta: tunaichukulia kuwa namba iliyokwisha kuchaguliwa na mtu mwingine kabla sisi hatujaanza kutafuta x, ingawa hatujaambiwa ni namba gani. Kwa hiyo mbele yetu hatuna mlinganyo mmoja bali familia nzima ya milinganyo, mmoja kwa kila thamani ya m. Kutatua mlinganyo wenye parameta ni kueleza, kwa kila mwanafamilia, ana majawabu mangapi na ni yapi. Anayeandika x pekee na kuishia hapo amewajibia wengi wa familia hiyo, lakini huenda si wote.

Mlinganyo unatatuliwa kwa hatua zipi?

Kabla ya kugusa chochote, tunaangalia asili, yaani kile kilicho chini ya mstari wa sehemu. Asili hapa ni x − 3 katika sehemu zote mbili, na asili haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo tunaandika sharti x ≠ 3. Sharti hili halitegemei m hata kidogo. Linawahusu wanafamilia wote.

Kisha tunazidisha pande zote mbili kwa x − 3 ili kuondoa sehemu:

x = 2(x − 3) + m

Tukifungua mabano tunapata x = 2x − 6 + m, na tukikusanya x upande mmoja tunapata

x = 6 − m

Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini. Bado hatujamaliza, kwa sababu 6 − m ni mgombea tu, na mgombea huyo lazima apimwe kwa sharti tulilolitanguliza. Tunauliza: je, kuna m inayomfanya mgombea awe 3? Tunaandika 6 − m = 3 na kupata m = 3. Basi jibu kamili lina sehemu mbili: ikiwa m ≠ 3, jawabu ni x = 6 − m; ikiwa m = 3, hakuna jawabu.

Kwa nini hakuna jawabu jingine linaloziba pengo pale m = 3?

Kwa sababu mlinganyo tulioupata baada ya kuondoa sehemu ni wa daraja la kwanza, nao kwa kila m hutoa mgombea mmoja tu. Kila jawabu la mlinganyo wa awali lazima liwe pia jawabu la mlinganyo huo, maana tumefika pale kwa kuzidisha pande mbili zilizo sawa kwa kitu kimoja. Kwa m = 3 mgombea pekee ni x = 3, naye haruhusiwi. Akiondolewa, orodha inabaki tupu.

Mbona x = 3 inatimiza mlinganyo usio na sehemu? Imeingia kwa njia gani?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu. Tukichukua x = 2(x − 3) + m, tukaweka m = 3 na x = 3, upande wa kushoto unakuwa 3 na upande wa kulia unakuwa 2 · 0 + 3, yaani 3. Usawa umetimia bila kasoro, na hakuna kosa la hesabu popote.

Jambo lenyewe liko katika hatua ya kuzidisha. Tunapozidisha pande mbili kwa namba isiyo sifuri, tunaweza kurudi tulikotoka kwa kugawanya kwa namba ileile, kwa hiyo mlinganyo mpya na wa zamani vina majawabu yaleyale. Lakini x − 3 si namba moja iliyotulia. Thamani yake hufuata x. Kwa kila x isipokuwa 3, x − 3 si sifuri, na njia ya kurudi iko wazi. Kwa x = 3, kizidishio chetu ni sifuri, na kuzidisha kwa sifuri ni hatua isiyo na marejeo: hata pande zisizolingana, kama 1 na 2, zikizidishwa kwa sifuri hulingana.

Kwa hiyo ukweli unasafiri upande mmoja tu. Jawabu lolote la mlinganyo wa sehemu ni jawabu la mlinganyo usio na sehemu, lakini jawabu la mlinganyo usio na sehemu huenda lisiwe la mlinganyo wa sehemu. Kuondoa sehemu hakupotezi jawabu kamwe, ila kunaweza kuongeza lisilokuwepo, na mahali pekee linapoweza kuongezeka ni pale asili inapokuwa sifuri. Ndiyo maana hatuhitaji kumshuku kila mgombea. Tunamshuku yule tu anayeangukia kwenye 3.

Nikiweka m = 3 tangu mwanzo, bila kupitia hatua zote hizo, nitaona nini?

Utaona chanzo cha tatizo waziwazi zaidi kuliko kwa njia ya wagombea. Weka m = 3, kisha hamishia sehemu zote upande wa kushoto:

x/(x − 3) − 3/(x − 3) = 2

Sehemu hizi zina asili moja, kwa hiyo zinaungana na kuwa (x − 3)/(x − 3) = 2. Kwa kila x inayoruhusiwa, kiasi, yaani kilicho juu ya mstari wa sehemu, na asili ni namba ileile isiyo sifuri, kwa hiyo upande wa kushoto ni 1. Mlinganyo wote umegeuka kuwa 1 = 2, na x haimo tena. Hakuna x inayoweza kuufanya usemi huo uwe kweli, kwa kuwa 1 si sawa na 2, na usemi wenyewe hausemi lolote kuhusu x.

Hii ndiyo nusu ya pili ya maelezo niliyoitaja mwanzoni. Kusema kwamba x = 3 imekatazwa kunaeleza kwa nini mgombea mmoja amekataliwa. Kuona 1 = 2 kunaeleza kwa nini namba nyingine zote zimeshindwa. Mtu anayetaka kuridhika kwamba kweli hakuna jawabu anahitaji kuyaona yote mawili.

Je, tukikaribia 3, pande zote mbili hazikui bila kikomo? Kwa nini tusiseme zinalingana huko mbali?

Wazo hili linaeleweka, na lina jibu linaloweza kukaguliwa kwa namba. Tuendelee na m = 3, kisha tuchukue x = 3.001. Upande wa kushoto ni 3.001 ikigawanywa kwa 0.001, yaani 3001. Upande wa kulia ni 2 kuongeza 3 ikigawanywa kwa 0.001, yaani 2 + 3000, ambayo ni 3002. Tofauti ni 1. Sasa tuende mbali na 3, tuchukue x = 10: kushoto tunapata 10/7, kulia tunapata 2 + 3/7, ambayo ni 17/7. Tofauti ni 7/7, yaani 1 tena.

Si bahati. Kwa m = 3, upande wa kushoto ukitolewa upande wa kulia unatoa −1 kwa kila x inayoruhusiwa, kwa sababu zilezile za swali lililotangulia: sehemu mbili zinaungana na kuwa 1, kisha 2 inatolewa. Pande zote mbili zinaweza kupanda hadi mamilioni, lakini upande wa kulia daima uko mbele kwa 1 kamili, na pengo hilo halipungui hata kidogo. Kusema kwamba zote ni kubwa bila kikomo hakuzifanyi kulingana.

Penye x = 3 yenyewe, upande wa kushoto ungekuwa 3/0. Ili usemi huo uwe na thamani, ingehitajika namba ambayo ikizidishwa kwa 0 itoe 3, na namba hiyo haipo. Hivyo pale hatuna namba mbili za kulinganisha.

Nini hutokea m ikiwa karibu sana na 3 bila kuwa 3?

Jawabu lipo, na linasogea kuelekea mahali palipokatazwa. Kwa m = 2.9 jawabu ni x = 3.1. Tukihakiki, kushoto tunapata 3.1/0.1 = 31, na kulia tunapata 2 + 2.9/0.1 = 2 + 29 = 31. Kwa m = 2.99 jawabu ni x = 3.01, na pande zote mbili zinakutana kwenye 301. Tukivuka upande wa pili, kwa m = 3.1 jawabu ni x = 2.9, kushoto tunapata 2.9 ikigawanywa kwa −0.1, yaani −29, na kulia tunapata 2 − 31, yaani −29.

Angalia mahali pande hizo zinapokutana: 31, kisha 301, na upande wa pili −29. Kadiri m inavyoikaribia 3, x nayo inaikaribia 3 kwa utulivu, lakini namba ambayo pande mbili zinakutana juu yake inakimbia kwenda mbali. Ukichora mstari wa x = 6 − m, ukiwa na m kwenye mhimili wa mlalo, utapata mstari mnyoofu wenye tundu moja pale m = 3. Mtu anayeangalia mstari huo peke yake hushangaa kwa nini nukta moja tu imetobolewa, ilhali majirani zake wote wako salama. Anayeangalia thamani za pande zenyewe hashangai, maana anaona hazina pa kukutania.

Grafu inaweza kuonyesha sababu hiyo?

Inaweza, tukiupanga mlinganyo vizuri kwanza. Hamishia sehemu yenye m upande wa kushoto, upate (x − m)/(x − 3) = 2. Kisha andika kiasi x − m kama (x − 3) + (3 − m), ugawanye kila kipande kwa x − 3:

1 + (3 − m)/(x − 3) = 2

Upande wa kushoto sasa umeachana na vurugu. Ni namba 1, ikiongezewa kipande ambacho ukubwa wake unatawaliwa na 3 − m. Ikiwa m si 3, grafu ya upande huo ina matawi mawili, moja kila upande wa mstari wima x = 3, na matawi hayo hupita kila kimo isipokuwa kimo cha 1, ambacho hukikaribia bila kukigusa. Kwa kuwa matawi hupita kila kimo kingine mara moja tu, mstari wa mlalo kwenye kimo cha 2 unayakata mahali pamoja, na hapo ndipo lilipo jawabu.

Sasa punguza 3 − m polepole. Matawi yanabanwa kwenye pembe ambapo mstari wima x = 3 unakutana na mstari wa mlalo wa kimo cha 1, na mahali pa kukatana panasogea karibu zaidi na mstari wima. Pale 3 − m inapokuwa sifuri kamili, hakuna tawi tena. Kilichobaki ni mstari wa mlalo kwenye kimo cha 1, wenye tundu pale x = 3. Mstari wa kimo cha 1 na mstari wa kimo cha 2 ni sambamba, kwa hiyo havikutani. Umbali kati yake ni ile 1 tuliyoiona kwa namba.

Je, m inayoleta tatizo daima ni namba ileile iliyokatazwa kwa x?

Hapana. Katika mlinganyo wetu zote mbili ni 3, na ulinganifu huo huwapotosha watu wakadhani kwamba ni kanuni. Chukua mlinganyo huu:

(2x + 1)/(x − 3) = 5 + m/(x − 3)

Sharti bado ni x ≠ 3. Tukiondoa sehemu tunapata 2x + 1 = 5x − 15 + m, kwa hiyo 3x = 16 − m. Tukiweka x = 3 tunapata 9 = 16 − m, yaani m = 7. Kwa m = 7 ukihamisha sehemu utapata (2x − 6)/(x − 3) = 5, na kwa kuwa 2x − 6 ni 2(x − 3), mlinganyo unageuka kuwa 2 = 5.

Namba 7 imetoka wapi? Ni thamani ya 2x + 1 pale x = 3. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe: m hatari ni ile inayokifanya kiasi kilichounganishwa, yaani 2x + 1 − m, kiwe sifuri mahali palepale ambapo asili ni sifuri. Hapo kiasi na asili vinakuwa na kigawo cha pamoja x − 3, kigawo hicho kinafutika, na x inaondoka nacho. Katika mlinganyo wa kwanza kiasi kilikuwa x tu, na thamani ya x pale x = 3 ni 3; ulinganifu ule haukuwa na maana zaidi ya hiyo.

Je, kukosa jawabu daima kunatokana na mgombea kuangukia mahali palipokatazwa?

Kuna mlango wa pili, na unasahaulika mara nyingi. Tazama mlinganyo huu, ambao parameta yake k inazidisha x:

(kx + 1)/(x − 2) = 3

Sharti ni x ≠ 2. Tukizidisha tunapata kx + 1 = 3x − 6, kisha (k − 3)x = −7. Hapa hatuwezi kugawanya mara moja kwa k − 3, kwa sababu hatujui kama si sifuri. Ikiwa k = 3, tunabaki na 0 · x = −7, na hakuna x inayotimiza hilo. Hakuna hata mgombea aliyejitokeza, kwa hiyo hakuna wa kukataliwa.

Ikiwa k ≠ 3, mgombea ni x = −7/(k − 3). Tunauliza lini mgombea huyo ni 2: −7 = 2(k − 3), yaani 2k = −1, na k = −1/2. Kwa thamani hiyo kiasi ni 1 − x/2, ambacho ni −1/2 mara (x − 2), kwa hiyo upande wa kushoto ni −1/2 kwa kila x inayoruhusiwa, na mlinganyo unasema −1/2 = 3.

Basi mlinganyo huu unakosa jawabu kwa thamani mbili, kila moja kwa sababu yake. Kwa k = −1/2 grafu imeporomoka na kuwa mstari wa mlalo, kama ilivyotokea kwenye mlinganyo wetu mkuu. Kwa k = 3 grafu ni nzima na matawi yake yapo, ila kimo cha 3 tunachokitafuta ndicho hasa kimo ambacho matawi hukikaribia bila kukigusa. Mlinganyo wetu mkuu una thamani moja tu ya hatari kwa sababu m haizidishi x. Namba inayozidisha x baada ya kukusanya haibadiliki, na mlango wa pili umefungwa tangu mwanzo.

Ukiulizwa utafute thamani zote za parameta zinazoufanya mlinganyo usiwe na jawabu, kagua milango yote miwili: namba inayozidisha x ikiwa sifuri, na mgombea akiangukia mahali palipokatazwa. Anayekagua mmoja tu huandika nusu ya jibu, na hesabu yake haionyeshi dalili yoyote ya upungufu.

Je, inawezekana kwa m hiyohiyo mlinganyo uwe na majawabu yasiyo na idadi?

Inawezekana kimo tunachokitafuta kikiwa kilekile cha mstari unaobaki. Badilisha 2 kuwa 1 katika mlinganyo mkuu:

x/(x − 3) = 1 + m/(x − 3)

Tukiondoa sehemu tunapata x = x − 3 + m, na x inafutika, ikibaki m = 3. Kwa hiyo kwa kila m isiyo 3 hakuna jawabu, na kwa m = 3 kila x isipokuwa 3 ni jawabu. Mambo yamepinduka: thamani iliyokuwa mbaya pekee sasa ndiyo pekee iliyo nzuri. Hata hapa x = 3 haimo katika majawabu, na kuandika kwamba majawabu ni namba zote bila kuitoa 3 ni kosa.

Mgombea mmoja akikataliwa, je, mlinganyo lazima ukose jawabu?

Si lazima, wagombea wakiwa wawili. Chukua x²/(x − 2) = m/(x − 2), ambao unatoa x² = m kwa sharti x ≠ 2. Kwa m = 4 wagombea ni 2 na −2. Wa kwanza anakataliwa, wa pili anabaki, na mlinganyo una jawabu moja, x = −2. Kumkuta mgombea aliyekatazwa ni sababu ya kumwondoa yeye tu, si sababu ya kutangaza kwamba hakuna jawabu.

Swali likitaka jawabu liwe chanya, je, sharti x ≠ 3 linabaki kuwa na kazi?

Linabaki. Turudi kwa mlinganyo mkuu, tuulize ni kwa thamani zipi za m jawabu lake ni namba chanya. Wengi huandika 6 − m > 0 na kumaliza kwa m < 6. Lakini m = 3 imo ndani ya m < 6, na kwa m = 3 hakuna jawabu la kuitwa chanya wala hasi. Jibu sahihi ni m < 6 na m ≠ 3. Mtego huu unafanya kazi vizuri kwa sababu namba iliyokatazwa, 3, nayo ni chanya, kwa hiyo inajificha katikati ya zilizokubaliwa. Kama swali lingetaka jawabu hasi, tungekuwa na m > 6, ambamo 3 haimo, na sharti lisingebadilisha chochote. Hata hivyo, ni vema kulikagua na kuliandika kuliko kubahatisha kwamba halihusiki.

Programu ya kompyuta imenipa x = 6 − m bila sharti lolote. Je, imekosea?

Imejibu kwa jumla, na kukagua thamani ya pekee imekuachia wewe. Katika SymPy, maktaba ya aljebra ya lugha ya programu Python, kwa mfano, unaweza kujaribu hivi:

```
from sympy import symbols, solve
x, m = symbols('x m')
print(solve(x/(x-3) - 2 - m/(x-3), x))
print(solve(x/(x-3) - 2 - 3/(x-3), x))
```

Mstari wa kwanza wa matokeo ni `[6 - m]`, na wa pili ni `[]`, yaani orodha tupu. Wakati m ni herufi, programu haina namna ya kujua kama 6 − m ni sawa na 3, kwa hiyo inamwacha mgombea apite. Wakati 3 imeandikwa waziwazi, inaona kwamba mgombea anaifanya asili kuwa sifuri, na inamwondoa. Ukitegemea matokeo ya kwanza kisha ukaweka m = 3 ndani yake, utapata x = 3, jawabu ambalo matokeo ya pili yanalikanusha. Namna ya kujikinga ni kutatua asili = 0 kwa mgombea mwenye herufi, hapa 6 − m − 3 = 0, na kuiweka kando m unayoipata kabla ya kuitumia fomula popote.

Katika mtihani, kazi iandikwe vipi ili isikose alama?

Andika sharti la asili kwenye mstari wa kwanza, kabla ya kuzidisha, kwa sababu baada ya kuzidisha sehemu zinatoweka na hakuna kitu kwenye karatasi kinachokumbusha. Baada ya kumpata mgombea, linganisha na thamani iliyokatazwa na uandike m unayoipata. Kisha toa jibu kwa hali: m ≠ 3, jawabu x = 6 − m; m = 3, hakuna jawabu. Muda ukiruhusu, weka m = 3 kwenye mlinganyo wa awali, si kwenye ule uliokwisha kuondolewa sehemu, na uonyeshe kwamba unageuka kuwa 1 = 2. Uhakiki ukifanywa kwenye mlinganyo ulioondolewa sehemu hautafichua kitu, kwa kuwa huko x = 3 inatimia vizuri kabisa.